Hakuna alama bila mstari

Tuchukue chama cha akiba na mikopo kinachotafuta mkaguzi wa ndani wa kwanza. Jukumu la kwanza katika tangazo lake ni kuandaa mpango wa ukaguzi wa mwaka unaofuata vihatarishi. Ujuzi wa viwango na uandishi wa ripoti vinafuata. Basi kabla ya kufungua barua yoyote ya maombi, alama 100 zinagawanywa: vihatarishi 40, viwango 30, ripoti 30. Kila kipengele kinapimwa kwa ngazi: 0 hakipo, 1 kimetajwa tu, 2 amekitumia, 3 matokeo yanaonekana, 4 amekianzisha au kukiongoza mwenyewe. Anayetoa alama sharti apigie kalamu mstari wa wasifu uliomshawishi.

Mwombaji wa kwanza ana kurasa nne. Ametaja ISA mara tano, lakini hivyo ni viwango vya ukaguzi wa nje wa hesabu, havimwongezei kitu hapa. Kilichomsaidia ni mstari mmoja: alikagua malipo kwa kupitia vipengele vitano vya udhibiti vya COSO. Anapata 2. Kwamba anataja viwango vya zamani vya Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani si kosa. Vipya vilianza kutumika Januari 2025, na kazi yake ni ya kabla ya hapo. Kuhusu vihatarishi ameandika tu “nilishiriki tathmini”. Alishiriki vipi? Ngazi ya 1. Ripoti pia 1. Jumla yake ni 15 na 10 na 7.5, yaani 32.5.

Wa pili ana kurasa mbili, na COSO ameitaja kwa jina tu: 1. Lakini anaeleza kwamba aliorodhesha vitengo 14, akavipanga kwa uwezekano wa tatizo kutokea na ukubwa wa athari zake, na mikopo iliposhika nafasi ya kwanza, siku za ukaguzi zikahamishiwa huko kutoka kwenye vifaa vya ofisi. Huo ndio uamuzi tunaoutafuta: 3. Ripoti zake zilifika kwenye kamati, na ametaja mapendekezo yaliyotekelezwa: 3. Jumla 60.

Hata hivyo, wasifu unasema tu kwamba mtu huandika ripoti. Jinsi anavyoandika hauonyeshi. Kwa hiyo wote wawili wanapewa mkopo uliotolewa bila saini ya mdhamini, waandike hoja moja. Hoja kamili hueleza utaratibu unataka nini, nini kimekutwa, kwa nini kimetokea, madhara yake, na kifanyike nini. Penye kasoro mara nyingi ni kwenye chanzo. Wa pili alimaliza kwa “wahusika wazingatie taratibu”, bila kuuliza kwa nini fomu ilipita bila saini. Ripoti ikashuka hadi 2, jumla 52.5. Mwenzake hakupanda wala kushuka.