Saa Mbili za Semina ya Jioni

Darasa la uzamili linaloanza saa 11:30 jioni jijini Dar es Salaam huwa na watu wa aina yake. Yumo mwalimu mkuu wa shule ya msingi, yumo ofisa elimu kata, yumo mwalimu wa sekondari aliyeshinda na chaki mkononi tangu asubuhi, na yumo mama aliyeomba ruhusa kazini ili awahi gari. Wamekaa kwenye foleni na wengi hawajala. Baadhi wana umri mkubwa kuliko mhadhiri, hata yeye ndiye anayewaamkia shikamoo. Shule wanaijua kwa miaka 15 au 20 ya kazi. Wanachokosa ni nafasi ya kukaa na andiko moja, walichambue, na kupima yale wanayoyajua kwa hoja za wenzao. Mhadhiri anayewasomea slaidi kwa saa 2 anawanyima nafasi hiyo, na kwa watu waliojilipia ada kwa mshahara wa ualimu naona ni kuwadhulumu.

Tuchukue kipindi kimoja, tukipange kuanzia mwanzo. Wanafunzi ni 24, somo ni falsafa ya elimu, na mada ni Elimu ya Kujitegemea, andiko alilolitoa Mwalimu Nyerere Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Darasa zima limelisikia andiko hilo tangu shuleni. Waliolisoma lenyewe ni wachache.

Maandalizi huanza na swali litakalojadiliwa, kabla mhadhiri hajachagua kurasa wala kugusa slaidi hata moja. Swali la kwanza linalomjia mtu ni hili: Nini maana ya Elimu ya Kujitegemea? Hilo halifai. Jibu lake lipo kwenye daftari la kidato cha nne, kila mtu atatoa lilelile, na baada ya dakika 5 hakuna la kujadili. Swali la semina ni lile ambalo watu wawili wenye akili timamu, waliosoma kurasa zilezile, wanaweza kulijibu tofauti na kila mmoja akaonyesha mstari unaomuunga mkono.

Kwa mada hii swali lipo karibu. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, na katika sekondari kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Wengi husema amali ni Elimu ya Kujitegemea iliyorudi. Lakini andiko la 1967 halikumtaka mwanafunzi achague mkondo wa ufundi. Lilitaka kila shule iwe jamii inayofanya kazi, na kila mwanafunzi, hata yule wa kwanza darasani, ashike jembe au ajifunze kazi pamoja na wenzake. Lilitaka pia elimu ya msingi ijitosheleze, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Basi swali letu ni hili: Mkondo wa amali unatimiza hoja ya 1967 au unaiacha? Mwalimu mkuu na ofisa elimu kata hawatajibu sawasawa, na wote wawili wataufikiria uwanja wa shule wanayoijua.

Swali likishapatikana, kurasa hujichagua. Andiko zima ni refu kwa mtu mwenye kazi na watoto. Toa kurasa 8 au 10: sehemu inayokosoa elimu ya kikoloni, na sehemu inayoeleza shule inavyopaswa kuendeshwa. Andiko la hoja halisomwi kama gazeti. Ukurasa mmoja unaweza kuchukua dakika 4 au 5 kwa mtu anayesoma huku akiweka alama, kwa hiyo kurasa 10 ni karibu saa nzima. Ukimpa 40 hatasoma 10 kati ya hizo. Hatasoma kabisa, maana ataliahirisha hadi apate siku yenye nafasi, na siku hiyo haifiki. Faili litumwe kwenye kundi la WhatsApp wiki moja kabla, likiwa dogo lisilomaliza bando, na kopi moja iachwe duka la fotokopi karibu na chuo kwa wanaopenda kusoma kwa kalamu.

Pamoja na kurasa hizo itolewe kazi moja ndogo. Chagua sentensi moja ambayo uzoefu wako kazini unaipinga, andika namba ya ukurasa, kisha eleza sababu kwa mistari mitatu kwenye kadi. Kazi hii haiwezi kunakiliwa kwa mwenzako, kwa sababu kazi yako si yake. Pia inamlazimisha msomaji kutafuta mahali pa kubishana, na anayetafuta mahali pa kubishana husoma kwa makini.

Hata hivyo, tuseme 8 kati ya 24 watakuja bila kusoma. Hapa ndipo semina nyingi huharibika. Mhadhiri anaona nyuso zimeinama, anaingiwa na huruma, anaanza kulieleza andiko lote. Jioni hiyo inaokoka, ila wiki inayofuata wasiosoma watakuwa 14, kwa kuwa waliosoma wameona kwamba walijisumbua bure. Dawa yake ni kuwapa wote ukurasa mmoja wa msingi wausome kimya kwa dakika 15 za mwanzo. Aliyesoma anaurudia na kukamilisha kadi yake, asiyesoma anapata pa kushikia, na aliyekwama kwenye foleni akiingia saa 11:40 hakuti mazungumzo yaliyomwacha. Hakuna aliyeaibishwa, na hakuna aliyefanyiwa kazi yake.

Saa 11:45 mhadhiri anasimama, na dakika 15 zinamtosha. Kazi yake ni kuleta kile ambacho andiko lenyewe halina: nchi ilikuwa wapi mwaka 1967, Azimio la Arusha lilibadili nini, na sera ya 2023 inasema nini. Kisha analiandika swali ubaoni kwa maneno yaleyale yatakayojadiliwa, na anakaa. Akianza kusema anachokiamini yeye juu ya amali, mjadala umekwisha kabla haujaanza, kwani watu wenye adabu hawambishii mwalimu wao hadharani.

Sasa mjadala, nao unahitaji mpangilio wa makusudi. Ukiuliza tu, “Haya, nani ana maoni?” watazungumza watu 4, na ni walewale 4 wa kila wiki. Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland alieleza mwaka 1981 utaratibu mwepesi ambao walimu wengi duniani wanautumia: kila mtu afikiri peke yake, azungumze na mwenzake mmoja, kisha waje mbele ya wote. Kwa darasa letu tunaongeza hatua moja katikati. Dakika 10 ni za jozi, halafu kila jozi 2 zinaungana kuwa kundi la watu 4 kwa dakika 20. Tunapata makundi 6. Kila kundi linatakiwa kuandika kwenye bango kitita sentensi moja tu inayojibu swali, na chini yake namba ya ukurasa inayoitegemeza. Lugha ya kufundishia chuoni ni Kiingereza, lakini kwenye jozi na makundi waachiwe Kiswahili. Mtu anayetafuta msamiati hawezi wakati huohuo kutafuta hoja.

Hatari kubwa ya makundi ya watu wazima ni cheo. Ofisa elimu kata akikaa kundi moja na mwalimu wa kata yake, anaweza kusema kwa nia njema kabisa, “Kwa uzoefu wangu, amali ni kujitegemea kwenyewe,” na mwalimu yule aliyeandika kinyume kwenye kadi yake atajibu, “Ni kweli, bosi,” kadi ikabaki mfukoni. Kwa hiyo makundi yapangwe kabla, watu wa ofisi moja watenganishwe, na iwepo kanuni moja: kadi zinasomwa zote kabla ya yeyote kutoa maoni, na anaanza mwenye miaka michache kazini. Kwa kuwa anasoma alichokwisha kuandika, haonekani anambishia mkubwa. Mkubwa naye hukaa akasikiliza, na mara nyingi hushukuru.

Mhadhiri azunguke bila kukaa kwenye kundi lolote. Dalili ya hatari ni rahisi kuiona: kundi limechangamka lakini karatasi zote zimefungwa. Ukisogea utakuta wanazungumzia mishahara na uhaba wa madawati. Ni mambo ya kweli na yanauma, ila yangezungumzwa vilevile bila kusoma chochote. Usiwakemee. Uliza tu, “Hilo Mwalimu analisema ukurasa wa ngapi, au halisemi kabisa?” kisha ondoka.

Saa 12:30 ni mapumziko ya dakika 15. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 kulingana na majira, kwa hiyo tazama kalenda na uyasogeze mapumziko ili wanaoswali magharibi wasilazimike kuchagua. Chai na andazi nazo zina kazi yake saa hiyo.

Wakirudi, usiyaruhusu makundi 6 yatoe taarifa moja baada ya jingine. Dakika 5 kwa kila moja ni nusu saa imekwisha, na kundi la tatu likisimama hakuna anayesikiliza. Mabango yamebandikwa ukutani, watu wameyasoma wakinywa chai. Mhadhiri anachagua mawili yanayopingana, tuseme moja linasema amali inatimiza hoja ya 1967 kwa sababu inampa kijana kazi ya mikono, na jingine linasema inaiacha kwa sababu inawagawa vijana katika wa kalamu na wa nyundo. Nusu saa yote inatumika hapo. Anauliza, “Ni jambo gani lingewafanya mbadili sentensi yenu?” na baada ya kuuliza ananyamaza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani, alikuta walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu huwa marefu na hutoka kwa watu wengi zaidi. Kwa swali hili hata sekunde 10 si nyingi. Hesabu kimoyomoyo.

Saa 1:15 kadi zinageuzwa. Upande wa pili kila mmoja anaandika msimamo wake wa sasa na hoja ya mwenzake iliyomsogeza au iliyoshindwa kumsogeza. Dakika 5 za mwisho ni za kusomo lijalo: kurasa zipi, na mahali gani pagumu pasiwatishe. Kadi 24 husomwa usiku huohuo kwa muda usiozidi nusu saa. Ikiwa upande wa pili wa kadi nyingi unarudia wa kwanza bila kutaja hoja ya yeyote, mhadhiri anajua makundi yalikaa pamoja bila kujadiliana, na kabla ya wiki ijayo anabadili swali au anapanga upya nani akae na nani.