"Kutuma pesa kunagoma": lalamiko linapogeuzwa tiketi

Lalamiko la mjaribu wa programu mara nyingi humfikia fundi likiwa sentensi moja: "Kutuma pesa kunagoma, seva itakuwa imelala." Fundi hufungua programu, huandika namba, hutuma, na pesa huenda. Tiketi hufungwa kwa maneno "kwangu inafanya kazi", na hitilafu hubaki palepale.

Kuliandika upya huanza kwa kumrudia mjaribu na kumwuliza alikuwa skrini gani, aligusa nini, na namba aliitoa wapi. Tuseme inabainika kwamba hakuiandika kwa mkono: aliinakili kutoka kwenye ujumbe, ikiwa +255 700 000 000, akaibandika. Sasa kinabadilishwa kitu kimoja kila mara. Ikiandikwa 0700000000, inakubalika. Ikibandikwa bila nafasi, bado inagoma, kwa hiyo nafasi hazihusiki. Kinachoshukiwa ni urefu. Tiketi inaweza kusomeka hivi:

Kichwa: Skrini ya Tuma Pesa hukata namba iliyobandikwa ikianza na +255

Hatua:
1. Nakili +255700000000 kutoka kwenye ujumbe.
2. Fungua Tuma Pesa, bandika kwenye kisanduku cha namba.
3. Andika kiasi 1000.

Matokeo yaliyotarajiwa: Namba inapokelewa nzima na kitufe cha Endelea kinawaka.

Matokeo halisi: Kisanduku kinaonyesha +255700000 na Endelea haibonyezeki. Imetokea mara 5 kati ya 5.

Chini yake huwekwa toleo la programu, aina ya simu na picha ya skrini.

Seva haikutajwa popote. Ilikuwa dhana ya mjaribu, na ingempeleka fundi kuchimba kumbukumbu za seva ilhali ombi halikuwahi kutoka kwenye simu. Dhana ikiwa na uzito, huandikwa kando kama maoni, mbali na matokeo halisi.

Sehemu inayoleta ubishi zaidi ni matokeo yaliyotarajiwa. Hayatoki kwenye ladha ya mjaribu. Hutoka kwenye maelezo ya mahitaji yaliyokubaliwa na mwenye bidhaa. Maelezo yakisema namba zote ziwe za tarakimu kumi zikianza na sifuri, basi kukataa +255 si hitilafu, na tiketi hubadilika kuwa ombi la maboresho. Yasiposema lolote, mwenye bidhaa huulizwa kabla fundi hajagusa chochote.

Hitilafu inayokuja na kuondoka ni ngumu zaidi, maana hatua zilezile huleta majibu tofauti. Hapo "wakati mwingine" hubadilishwa kuwa hesabu, mfano mara 3 kati ya 10, pamoja na saa ya kila tukio ili fundi ailinganishe na kumbukumbu za mfumo.

Katika mfano huu kuna kasoro nyingine: Endelea haibonyezeki, wala hakuna ujumbe unaomweleza mtumiaji sababu. Hiyo hupewa tiketi yake, kwa kuwa kisanduku kinaweza kurekebishwa leo na tiketi yake ikafungwa, huku namba yenye kasoro ya kweli ikiendelea kuzima kitufe kimyakimya.