Fahamu: Tiketi halali inayouzwa mara tano

Kenya ilipoandaa mechi za CHAN uwanjani Kasarani Agosti 2025, tiketi ziliisha mapema na walanguzi wakahamia mitandaoni. Wengi hudhani tapeli huuza tiketi bandia. Lakini huenda ile aliyonayo ni halali kabisa, na hapo ndipo penye mtego.

Tiketi ya simu ni msimbo wa QR tu. Tuseme muuzaji ananunua moja, anaipiga skrinshoti na kuwatumia watu watano, kila mmoja kwa shilingi 1,000. Mashine ya langoni husoma msimbo na kuuandika kuwa umetumika. Anayetangulia anaingia, wanne wanaambiwa tiketi imeshatumika, wakati muuzaji amekwisha kuzima simu. Kwa hiyo kuonyeshwa risiti, hata kwa video, hakuthibitishi kwamba hajawauzia wengine.

Kinachosaidia ni kuhamisha tiketi ndani ya mfumo ulioiuza, kama unaruhusu: msimbo wa zamani unakufa, mpya unatolewa kwa jina lako. Kama hauruhusu, kutaneni langoni, umlipe mashine ikishakubali. Muuzaji mwaminifu naye ana hofu yake, basi mpe nusu kwanza, mkiwa mmesimama pamoja.

Ukilipa kwa M-Pesa, linganisha jina linalotokea na la unayezungumza naye. Ukishtuka, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe. Akishazitoa kwa wakala, hakuna cha kurudisha.