Mkono Usiingie Ndooni

Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithutu nchini Malawi, wakimbizi wa Msumbiji waliteka maji kwenye visima vilivyopimwa na kuonekana kuwa na vimelea vichache sana, pengine hakuna kabisa. Watafiti walipoyapima maji hayohayo baada ya kutekwa, walikuta yameshachafuka kwa bakteria wanaotokana na kinyesi. Walipofuatilia njia yote, kutoka kisimani hadi ndani ya nyumba, waliona kwamba chanzo kikubwa cha uchafu huo kilikuwa mikono ya watu wenyewe: mkono unaosuuza ndoo, mkono unaoshika ukingo wa ndoo, mkono unaozama na kikombe.

Baadhi ya familia zikapewa ndoo ya aina nyingine, yenye mfuniko usiobanduka na mdomo wa kumiminia. Mtu hakuweza kuchota kwa kikombe hata kama angetaka. Familia nyingine ziliendelea na ndoo zao za kawaida, na wote waliteka katika visima vilevile. Baada ya miezi minne, kiwango cha bakteria wa kinyesi katika maji ya ndoo zenye mfuniko kilikuwa chini kwa asilimia 69. Kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano nako kulipungua kwa asilimia 31, ingawa watafiti walitahadharisha kwamba kwa idadi ya watu waliohusika, takwimu hiyo ya pili haikuwa na uhakika kamili.

Hakuna dawa iliyotiwa katika jaribio hilo. Kilichobadilika ni chombo.

Jambo hilo linazihusu moja kwa moja nyumba za Dar es Salaam, ambako maji ya bomba huja kwa mgao na familia nyingi hununua kwa ndoo au madumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford ulipima maji na mikono ya wakazi wa jiji hilo. Maji yaliyohifadhiwa nyumbani yalikuwa machafu kuliko yalivyokuwa kwenye chanzo, na uchafu wa maji ulikwenda sambamba na uchafu wa mikono ya wanaoyatumia. Kwa hiyo familia inaweza kulipia maji mazuri asubuhi na kuyanywa yakiwa mabaya jioni, bila rangi, harufu wala ladha kubadilika.

Tazama siku ya kawaida ya ndoo katika nyumba yenye watu watano. Mama anaisuuza kwa kiganja pale bombani, anaijaza, anaibeba wazi hadi nyumbani. Inawekwa sakafuni jikoni, inafunikwa kwa sahani, na juu ya sahani panakaa kikombe. Mtoto anatoka kucheza, anaondoa sahani, anachota. Vidole vinagusa maji. Kikombe kinarudi juu ya sahani, au kinaanguka chini na kuokotwa. Mwingine anaosha kijiko humohumo. Jioni maji yamebaki robo, yanaongezwa mapya juu ya yale ya zamani. Hakuna hata mmoja aliyefanya uzembe mkubwa, lakini mikono imeshaingia mara nyingi, na ndoo haijawahi kuwa tupu ikaoshwa.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuyatenga maji ya kunywa na maji ya kazi nyingine. Watu watano wakihesabiwa lita mbili kila mmoja, wanahitaji lita kumi kwa siku. Ukiongeza ya kupiga mswaki na ya kuosha matunda, chombo kimoja cha lita 20 kinatosha nyumba nzima kwa siku moja. Hicho ndicho kilindwe. Maji ya kufulia, kudekia na chooni yakae kwingine, yachotwe kwa kopo lake.

Chombo cha maji ya kunywa kinatakiwa kiwe na mdomo mwembamba usiopitisha mkono, kizibo au mfuniko unaobana, na njia ya kutoa maji bila kuchota. Dumu la lita 20 linatimiza masharti hayo: linainamishwa, maji yanamiminika kwenye jagi au kikombe. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula linafaa likioshwa vizuri kwa sabuni. Lililowahi kubeba dawa ya mimea, rangi au kemikali za viwandani halifai hata likioshwa namna gani, kwa sababu plastiki hufyonza kemikali hizo na kuzitoa kidogokidogo.

Ubaya wa dumu ni kwamba mkono usioingia kuchafua hauingii pia kusugua. Baada ya wiki chache ukuta wa ndani hufanya utelezi, na ndani ya utelezi huo vimelea hujificha hata dawa isiwafikie. Njia ya kuuondoa ni kutia ndani kokoto ndogo zilizooshwa, au mchanga mnene safi, pamoja na maji kidogo ya sabuni, kufunga kizibo, kisha kulitikisa dumu kwa nguvu huku likigeuzwa pande zote. Uchafu ukishatoka, lisuuzwe kwa maji safi mpaka povu liishe. Kazi hiyo ifanywe kila wiki. Kizibo nacho kisuguliwe, hasa kwenye nyuzi za kufungia. Dumu ambalo bado linateleza ndani baada ya kutikiswa mara mbili tatu, au lililopasuka, lihamishiwe kwenye maji ya kufulia.

Kwa wenye uwezo wa kuongeza kidogo, ndoo yenye mfuniko na koki ni rahisi zaidi, maana hata mtoto mdogo anaweza kujihudumia bila kuinua mzigo. Fundi hutoboa tundu sentimita chache juu ya kitako, ili mchanga unaotuama ubaki chini ya koki. Mpira wa kuzuia kuvuja huwekwa ndani na nje ya ukuta wa ndoo. Kisha ndoo ipandishwe juu ya kigoda au benchi, kiasi kwamba kikombe kinapita chini ya koki bila kuigusa. Ndoo ya koki iliyoachwa sakafuni hurudisha matatizo yaleyale: watu huiinamisha, hufungua mfuniko, na mwisho huchota. Siku ya kuosha, maji ya sabuni yapitishwe ndani ya koki pia, kwa sababu ndiyo inayoguswa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Wako wanaopenda mtungi, na wana sababu nzuri. Udongo wa kuchoma hupenyeza maji kidogo, yanayopenya hukauka kwa nje, na ukaukaji huo huyapoza yaliyobaki ndani. Huko Nyanza, magharibi mwa Kenya, wahudumu wa miradi ya afya waliona kwamba familia haziko tayari kuuacha mtungi kwa ajili ya plastiki. Wakashirikiana na wanawake wafinyanzi kutengeneza mtungi wenye mdomo mwembamba, mfuniko na koki. Familia ziliendelea kunywa maji ya baridi, lakini hazikuchota tena. Mwenye mtungi mpana wa zamani anaweza kuuhifadhi salama zaidi kwa kutumia kata yenye mpini mrefu, inayotundikwa ukutani na kutumika kwa mtungi huo peke yake. Hata hivyo kata ni pungufu ya koki, kwa kuwa inategemea kila mtu nyumbani akumbuke kila mara.

Chombo kizuri huzuia uchafu mpya. Hakiwaui vimelea waliokuja na maji. Kwa hao kuna njia mbili zinazotumika zaidi majumbani.

Ya kwanza ni kuchemsha. Maji yafikishwe mahali yanapotokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda. Nyanda za juu zaidi ya mita 2,000 yaachwe yatokote dakika tatu. Kisha yapoe yakiwa yamefunikwa katika sufuria ileile, na yamiminwe kwenye chombo kilichooshwa. Udhaifu wa kuchemsha ni kwamba kinga yake inaishia jikoni. Maji yaliyopoa hayana kitu cha kupambana na kidole kitakachoingia saa mbili baadaye, ndiyo maana maji yaliyochemshwa na kuwekwa kwenye ndoo wazi huweza kuchafuka upesi.

Njia ya pili ni klorini, inayouzwa madukani kama vidonge au maji ya kutibu maji ya kunywa. Faida yake ni kwamba kiasi kidogo hubaki ndani ya maji na kuendelea kuua vimelea wapya kwa saa kadhaa. Kidonge cha miligramu 67 hutosha lita 20 za maji maangavu, lakini kila bidhaa ina nguvu yake, kwa hiyo maelezo ya pakiti ndiyo ya kufuatwa. Hapa kosa la kawaida ni la kipimo: kidonge cha lita 20 kinatiwa kwenye ndoo ya lita kumi na maji yanakuwa makali, au kwenye pipa na hayatibiki. Baada ya kutia dawa, funika na subiri dakika 30. Harufu nyepesi ya klorini baada ya muda huo ni dalili njema, maana inaonyesha kwamba dawa imemaliza kazi na bado ipo. Harufu ikikosekana kabisa, huenda uchafu umeitumia yote, na maji yanahitaji dawa zaidi. Maji yaliyotibiwa yatumike ndani ya saa 24. Ndani ya mtungi klorini huisha mapema kuliko ndani ya plastiki, kwa hiyo mtungi ujazwe kiasi cha siku hiyo tu.

Maji ya tope yasitiwe dawa moja kwa moja, kwa sababu tope hula klorini kabla haijawafikia vimelea. Yaachwe yatuame, yamiminwe polepole kwenye chombo kingine kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo yatibiwe kwa kipimo ambacho pakiti imetaja kwa maji machafu. Ifahamike pia kwamba klorini haiui kila kimelea. Wapo wenye ganda gumu wanaoistahimili, lakini hufa kwa moto. Na si klorini wala moto unaoondoa chumvi ya visima vya pwani, floridi ya maji ya Arusha, au kemikali zilizomwagika. Maji ya namna hiyo hutafutiwa chanzo kingine.

Yanabaki mapipa na matangi ya maji ya kazi nyingine, ambayo wengi huyaacha wazi kwa kuwa hayanywewi. Humo ndimo huzaliana mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyu huuma mchana na hupenda maji masafi yaliyotulia karibu na watu. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Pipa lisuguliwe ukuta wake kwa brashi angalau mara moja kwa wiki, muda ambao ni mfupi kuliko unaohitajika yai kuwa mbu, kisha lifunikwe kwa mfuniko usioacha upenyo au kwa chandarua kilichofungwa kwa kamba kuzunguka ukingo. Viluwiluwi vikionekana vinacheza juu ya maji, pipa limwagwe lote mahali pakavu juani, lisuguliwe, na lijazwe upya.