Jumatatu Nzito, Ijumaa ya Kasi

Mwaka 1973 Louie Simmons, mnyanyua vyuma wa jimbo la Ohio huko Marekani, alivunjika pingili ya mgongo. Alirudi ukumbini, akapata nguvu tena, na miaka kumi baadaye mgongo ukamwumiza vibaya kwa mara ya pili. Kama alivyosimulia mwenyewe mara nyingi, ndipo alipoacha kufanya mazoezi kwa mazoea na kuanza kusoma tafsiri za vitabu vya makocha wa Urusi ya Kisovieti. Kilichotokana na usomaji huo ni mfumo uliotawala ukumbi wake wa Westside Barbell mjini Columbus hadi alipofariki Machi 2022, na ambao leo unajulikana duniani kote kwa jina la konjugeti.

Mzizi wake ni hoja iliyoelezwa vizuri na Vladimir Zatsiorsky, mtaalamu wa michezo aliyefanya kazi Moscow kabla ya kuhamia Marekani. Misuli hujikaza kwa nguvu kubwa katika hali tatu: unaponyanyua uzito wa mwisho unaouweza, unaponyanyua uzito wa wastani mara nyingi mpaka unachoka, na unaposukuma uzito wa wastani kwa kasi yote uliyo nayo. Programu nyingi za zamani zilizigawa hali hizo kwa majuma: mwezi wa kujaza misuli, kisha mwezi wa nguvu, kisha mwezi wa mashindano. Simmons aliziingiza zote ndani ya juma moja. Jumatatu ni uzito wa mwisho kwa miguu na mgongo, Jumatano uzito wa mwisho kwa kifua na mikono. Ijumaa miguu inarudi kwa kasi, na mwisho wa juma kifua nacho kinarudi kwa kasi. Kati ya siku nzito na siku ya kasi ya viungo vilevile hupita angalau saa 72.

Hebu tumfuate mnyanyuaji mmoja wa mfano. Ana kilo 90, amefanya mazoezi miaka minane, na hushindana bila suti maalumu. Akichuchumaa na chuma mabegani, yaani skwati, rekodi yake ni kilo 220.

Jumatatu yake haianzi na skwati ya mashindano. Anachukua ndugu yake: skwati ya kukaa kwenye boksi la mbao, fupi kiasi kwamba nyonga inashuka chini kidogo ya goti. Katika zoezi hili rekodi yake ni kilo 200. Baada ya kupasha mwili kwa fimbo tupu anapanda hatua kwa hatua: kilo 70 mara tano, 110 mara tatu, 140 mara mbili, kisha moja moja kwa 165, 185, 195. Kila mara anakaa kwenye boksi bila kujiachia, tumbo likiwa limekazwa, halafu anasimama. Mwisho anaweka 202.5. Chuma kinapanda polepole lakini mgongo haukunjiki. Amevunja rekodi yake kwa kilo mbili na nusu, na hapo anaondoa sahani. Hajaribu 207.5.

Uamuzi huo wa mwisho ndio unaotofautisha wanaoufahamu mfumo na wanaouiga. Nyanyuo zilizovuka asilimia 90 ya uwezo wake wa siku hiyo ni tatu tu, na tatu zinatosha. Muda unaobaki unakwenda kwenye mazoezi ya nyongeza: misuli ya nyuma ya paja, mgongo wa chini, tumbo, seti za marudio manane hadi kumi na mawili. Mtazamaji huona ile nyanyuo moja kubwa na kusahau kwamba sehemu kubwa ya kazi ya juma hufanyika kwenye nyongeza hizi zisizopigwa picha.

Jumatatu inayofuata boksi linawekwa pembeni. Labda ni dedilifti, yaani kukinyanyua chuma kutoka sakafuni, akiwa amesimama juu ya ubao wa sentimita chache. Juma la tatu ni skwati ya kuweka chuma mbele ya mabega. Simmons alishikilia kwamba mtu akirudia zoezi lilelile juu ya asilimia 90 kwa zaidi ya majuma matatu hivi, ataanza kurudi nyuma. Zoezi likibadilika, mwili unaweza kuombwa uzito wa mwisho kila juma mwaka mzima. Kuna faida nyingine ya wazi zaidi: uzito wa mwisho katika zoezi gumu ni mdogo kuliko ule wa mashindano, kwa hiyo viungo vinapumzika kidogo huku akili ikizoea kupambana na chuma kinachokataa kupanda.

Ijumaa sura inabadilika kabisa. Juma la kwanza anaweka asilimia 50 ya rekodi yake, kilo 110, na kufanya seti kumi na mbili za marudio mawili mawili, akipumzika kama dakika moja tu. Juma la pili asilimia 55, la tatu 60, kisha anarudi chini na kuanza tena. Fimbo imefungwa mipira minene inayovutwa kutoka sakafuni. Akiwa amesimama wima, mipira inaongeza kilo 55 hivi, na akishuka inalegea. Kwa hiyo juu anabeba kilo 165, robo tatu ya rekodi yake, na chini ni kidogo zaidi ya 110.

Mipira ipo kwa sababu ya fizikia. Mtu mwenye nguvu akisukuma kilo 110 kwa kasi, lazima aanze kuzipunguza mwendo kabla hajafika juu, la sivyo fimbo itaruka mabegani. Sehemu ya mwisho ya nyanyuo inageuka kuwa zoezi la kufunga breki. Mpira unaokaza jinsi anavyopanda unamruhusu asukume mpaka mwisho. Minyororo mizito inayoning'inia hufanya kazi ileile, kwa kuwa kila pete inayoondoka sakafuni huongeza uzito.

Swali la nani hasa anafaidika linaanzia kwenye mavazi. Wanyanyuaji walioipa Westside sifa zake kubwa walishindana wakivaa suti ngumu za skwati na mashati ya benchi. Vazi hilo hubana mtu anapokuwa chini kabisa na kumrusha juu. Msaada wake huisha anapokaribia kusimama au kunyoosha mikono. Mwenye suti hukwama juu. Mfumo unaoongeza uzito juu kwa mipira, unaojenga misuli ya nyuma ya mkono kuliko kifua, na unaomfundisha kukaa nyuma kwenye boksi unamfaa sawasawa, maana unatibu pale anapougua.

Asiyevaa suti hukwama kwingine. Kwenye benchi chuma humgomea sentimita chache juu ya kifua. Kwenye skwati hukwama akitoka chini. Hapo ndipo mipira inakuwa imelegea. Mnyanyuaji wetu wa kilo 220 akiiga programu ya Columbus kama ilivyo, siku yake ya kasi itakuwa nyepesi kuliko zote mahali anapohitaji kazi zaidi. Tena skwati ya boksi humvunjia mwendo chini, ilhali mashindanoni atapaswa kushuka na kugeuka bila pa kukalia.

Kwake yeye siku ya kasi ina thamani nyingine, na pengine ndiyo thamani yake kubwa. Aondoe boksi, apunguze mipira au aiache kabisa, apandishe uzito wa kawaida hadi karibu asilimia 70, yaani kilo 155, na afanye seti nane za marudio mawili. Hayo ni marudio kumi na sita ya skwati yenyewe ya mashindano, kila moja likianza upya kwa kupanga miguu, kuvuta pumzi na kukaza tumbo, bila uchovu wa kuharibu Jumatatu ijayo. Kasi hapo ni kipimo cha umbo zuri. Ayaone kama mazoezi ya ufundi anayoyafanya kwa bidii yote, asiyategemee kwamba peke yake yataongeza kilo kwenye rekodi.

Simu iliyowekwa ubavuni kwenye kimo cha nyonga inatosha kumwonyesha kama amepotea. Akilinganisha rudio la kwanza la seti ya kwanza na rudio la mwisho la seti ya mwisho, yawe karibu sawa. Chuma kikianza kukawia kuanzia seti ya tano, uzito ni mkubwa mno au mapumziko ni mafupi mno, na amegeuza Ijumaa kuwa siku nzito ya pili. Kosa hili ni la kawaida kwa watu hodari, kwa sababu wanaona haya kubeba uzito mdogo mbele ya wenzao.

Siku nzito ina dalili yake, nayo iko kwenye daftari. Ikiwa rekodi za boksi, za ubao na za fimbo mbele zinapanda mwezi hadi mwezi huku skwati ya mashindano imesimama pale pale, basi anazidi kuwa hodari wa mazoezi yasiyohesabiwa jukwaani. Mara nyingi chanzo ni wingi wa aina: ana mazoezi ishirini, kila moja analifanya mara mbili kwa mwaka, na kila rekodi mpya ni matokeo ya kulizoea tu. Mazoezi manne au matano yanayofanana na skwati yake, yanayorudi kila baada ya majuma machache, yanampa kipimo anachoweza kukiamini.

Kwa anayeanza, mfumo huu ni mzigo usio na sababu. Mtu anayechuchumaa na kilo 80 anaweza kuongeza kilo karibu kila juma kwa seti za kawaida za marudio matano. Umbo lake bado linabadilika kila siku, hivyo nyanyuo yake ya mwisho hupima makosa yake zaidi ya nguvu zake. Kubadilisha zoezi kila Jumatatu kunamnyima kile anachokihitaji, yaani kurudia zoezi lilelile mpaka mwili ulijue. Na siku ya kasi haina mengi kwake, kwa kuwa kasi ya chuma hutegemea kwanza nguvu iliyopo, naye bado hajaijenga.

Anayefaidika kweli ni yule aliyekwisha kupita hapo: mwenye miaka kadhaa ya mazoezi, ambaye kilo tano sasa zinamchukua nusu mwaka, ambaye akirudia skwati nzito ileile majuma sita mfululizo magoti na nyonga huanza kulalamika, na ambaye akitazama video yake anajua bila kuambiwa kama alianguka mbele au alipoteza tumbo. Huyo anaweza kuchagua zoezi la Jumatatu kwa sababu maalumu. Akianguka mbele mara kwa mara, anachagua fimbo mbele ya mabega. Akikosa nguvu chini, anachagua skwati ya kutulia sekunde mbili shimoni.

Yakibaki majuma manne hivi kabla ya mashindano, asiyevaa suti huacha mzunguko wa Jumatatu. Boksi na ubao vinarudi stoo, na siku nzito inakuwa skwati ya mashindano yenyewe: moja moja kwa kilo 200, juma linalofuata 207.5, kisha karibu 212.5, kila moja ikisubiri amri kama atakavyoamriwa na mwamuzi. Ijumaa inabaki, ikiwa na seti tano badala ya nane, na katika juma la mwisho inabaki na seti tatu tu, nyepesi.