Kengele Ndani ya Neno Ng'ombe

Anayebonyeza kitufe cha A huona herufi kwenye kioo, lakini kilichohifadhiwa ndani ya kompyuta ni namba. Katika orodha ya ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, A kubwa ni 65, B ni 66, na kuendelea hivyo mpaka Z, ambayo ni 90. Toleo la 1967 likaingiza herufi ndogo: a ikapewa 97, na z ikafikia 122.

Kati ya a na A kuna tofauti ya 32, na ni hivyo hivyo kwa kila herufi. Hilo halikutokea kwa bahati. Alfabeti ina herufi 26 tu, ila 32 ina faida kwa mashine inayohesabu kwa sifuri na moja: 65 huandikwa 01000001, na 97 huandikwa 01100001. Kilichobadilika ni tarakimu moja tu, ya tatu kutoka kushoto.

Ndiyo maana katika lugha ya C, ambako herufi huhesabiwa kuwa namba ndogo, mtu anaweza kuikuza herufi kwa kutoa 32 bila kuomba msaada wa maktaba yoyote. Tuchukue neno ng'ombe. n ni 110, inakuwa 78, yaani N. g ni 103, inakuwa 71, yaani G.

Kisha inafika ritifaa. Yenyewe ni 39, na ukitoa 32 inabaki 7, ambayo katika ASCII ni amri ya kupiga kengele, iliyowekwa enzi za mashine za teleksi. Neno linatoka NGOMBE, ritifaa imepotea, na kompyuta nyingine hulia kabisa. Ukiandika "ng'ombe wetu", hali ni mbaya zaidi. Nafasi kati ya maneno ni 32. Ikitolewa 32 inabaki 0, na kwa C sifuri ndiyo alama ya mwisho wa maandishi. Neno "wetu" lingali kwenye kumbukumbu, ila halichapwi.

Dawa yake ni kuuliza kwanza kama kweli hiyo ni herufi ndogo:

```c
if (c >= 'a' && c <= 'z')
    c = c - ('a' - 'A');
```

Sharti hilo huacha ritifaa, nafasi na tarakimu zilivyo. Kuandika `'a' - 'A'` badala ya 32 ni bora, kwa kuwa anayesoma anaona mara moja namba hiyo imetoka wapi. Kurudi kwenye herufi ndogo, sharti liwe la 'A' hadi 'Z', na 32 ijumlishwe.

Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi hizo za kawaida, hivyo mistari hii miwili inakitosha. Jina kama José halitakuwa sawa: é haimo katika ASCII, na katika UTF-8 huchukua namba mbili, 195 na 169. Matokeo yatakuwa JOSé. Programu inayopokea majina ya namna hiyo itumie maktaba.