Upande Usiosomeka wa Kiwanja

Tuseme mtu ana karatasi ya zamani ya kiwanja cha umbo la trapeza, yaani chenye pande mbili zinazokwenda sambamba, mmoja mfupi kuliko mwingine. Eneo linasomeka: mita za mraba 420. Upande wa barabarani ni mita 18, na kutoka barabarani hadi nyuma, kwa mstari ulionyooka, ni mita 20. Urefu wa upande wa nyuma umefutika.

Kanuni ya eneo la trapeza hufundishwa mapema shuleni:

A = ½(a + b)h

A ni eneo, a na b ni zile pande sambamba, na h ni kimo. Kimo hupimwa wima kutoka upande mmoja hadi wa pili. Anayepima ubavu uliolala atapata eneo kubwa kuliko lililopo. Kanuni imeandikwa kwa ajili ya anayetafuta eneo. Mwenye karatasi yetu analo eneo tayari; anachohitaji ni b. Basi kanuni ipangwe upya hadi b isimame peke yake.

Njia ni kuangalia kwanza b ilipitia nini. Ilijumlishwa na a, jumla ikazidishwa kwa h, kisha ikagawanywa kwa 2. Anayefungua mzigo huanza na kamba iliyofungwa mwisho, na hapa ni vivyo hivyo. Nusu inaondolewa kwa kuzidisha pande zote mbili za mlinganyo kwa 2. H inaondolewa kwa kugawanya. Nayo a, iliyoingia mwanzo, inatoka mwisho kwa kutoa:

2A = (a + b)h
2A/h = a + b
2A/h − a = b

Sasa namba ziingie. Mara mbili ya 420 ni 840. Ukigawanya kwa 20 unapata 42. Ukitoa 18 zinabaki 24. Upande wa nyuma ni mita 24.

Wengi huteleza kwenye a. Wanafunzi hukaririshwa kwamba kitu kikivuka alama ya sawasawa hubadili ishara, nao huihamisha a kabla ya wakati wake, wakaandika b = (2A − a)/h. Msemo huo wa kuvuka unaharibu zaidi ya unavyosaidia, kwa sababu unaficha jambo lenyewe: linalofanywa upande mmoja lazima lifanywe kwa upande wote wa pili, na a ingali imefungwa ndani ya mabano yanayozidishwa kwa h.

Kosa hilo linajionyesha hata kabla ya kukokotoa. 2A ni mita za mraba, a ni mita za urefu. Eneo halitolewi urefu. Asiyeliona hapo ataliona akirudisha jibu kwenye kanuni ya mwanzo. Njia mbovu inatoa mita 41.1, na kiwanja chenye pande za 18 na 41.1 kingekuwa na mita za mraba 591, wakati karatasi inasema 420.

Aliyependa kufungua mabano kwanza naye hakukosea. Atapata 2A = ah + bh, kisha b = (2A − ah)/h. Sura ni nyingine, lakini 840 ukitoa 360 ni 480, na 480 kwa 20 ni 24 ileile. Asifute kazi yake kwa sababu tu kitabu kimeandika jibu kwa sura tofauti.

Kuna mahali ambapo kufungua kamba moja moja hakutoshi. Mifereji mingi ya umwagiliaji huchimbwa kwa umbo la trapeza, sakafu nyembamba na mdomo mpana. Kuta zikiinama nyuzi 45, upana wa sakafu ukiwa b na kina cha maji y, upana wa juu ni b + 2y, na eneo la mkato wa maji ni A = (b + y)y. Kupata b ni rahisi: b = A/y − y. Lakini y imeingia mara mbili, na ukiitoa sehemu moja inabaki nyingine. Inabidi mabano yafunguliwe, vyote vikusanywe upande mmoja, y² + by − A = 0, kisha itumike kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili:

y = (−b + √(b² + 4A))/2

Kwa sakafu ya mita 0.5 na mkato wa mita za mraba 0.66, ndani ya kipeuo mnapatikana 2.89, ambayo kipeuo chake cha pili ni 1.7. Kina kinakuwa mita 0.6. Mlinganyo huo una jibu la pili, −1.1, nalo huachwa, kwa kuwa maji ya mfereji hayana kina kilicho chini ya sifuri.